Kusajili biashara ndogo: Hatua zipi zianze pamoja, zipi zingoje

Mpishi wa isyo hateleki mahindi na maharagwe, akayangoja yaive, ndipo aende shambani kuchuma mboga. Huinjika sufuria kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo kazi itakayochukua saa nyingi, kisha huchuma mboga na kukata vitunguu sufuria ikiendelea kuchemka. Chakula huwa tayari mara tu mahindi yanapoiva.

Katika kusajili biashara, wakazi wengi hufanya kinyume cha mpishi huyu. Hushika karatasi moja, wakaingoja itoke, ndipo waanze nyingine. Kila ofisi inaweza kuwa imefanya kazi yake kwa muda uliotangazwa, na bado mwenye biashara akajikuta amelipa kodi ya chumba kilichofungwa kwa miezi mitano. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga hatua hizo ili muda wa kungoja wa ofisi moja upite pamoja na wa ofisi nyingine. Mfano unaotumiwa ni biashara ya kupakia asali, ambayo hufanywa pande zote mbili za mto Athi, kuanzia Mwingi katika Kaunti ya Kitui hadi Kibwezi katika Kaunti ya Makueni.

Mfano wenyewe

Chukulia kuna mama mmoja mjini Mwingi ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akinunua asali kwa wafugaji wa nyuki na kuiuza kwa ndoo. Sasa anataka kuichuja, kuipakia katika chupa za gramu 500 zenye lebo yake, na kuziuza madukani. Amekodi chumba kuanzia tarehe 1 Agosti kwa Sh6,000 kwa mwezi. Nia yake ni kuwa sokoni kabla ya Desemba, wakati jamaa wanaofanya kazi mijini wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na kununua asali ya kurudi nayo.

Hatua zilizo mbele yake ni hizi. Muda ulioandikwa ni makadirio ya mfano huu tu. Muda halisi husomwa kwenye mkataba wa huduma uliobandikwa katika kila ofisi ya umma, ambao huonyesha huduma, mahitaji yake, ada yake na siku zake.

- Kusajili jina la biashara kwa Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS) kupitia eCitizen: wiki 1.
- Kukarabati chumba, yaani kuta zinazoosheka, sakafu isiyo na nyufa, sinki ya kunawia mikono na wavu wa madirisha: wiki 3.
- Vyeti vya afya vya watu watakaoshika asali: wiki 1.
- Ukaguzi wa chumba na afisa wa afya ya umma: wiki 2.
- Leseni ya biashara ya kaunti: wiki 1.
- Kukaguliwa mizani na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo na mizani: wiki 2.
- Ombi kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), kungoja mkaguzi, na kuchukuliwa kwa sampuli: wiki 2.
- Uchunguzi wa sampuli katika maabara: wiki 4.
- Kutolewa kwa kibali cha kutumia alama ya ubora: wiki 1.
- Kuchora lebo: wiki 1.
- Kuchapisha lebo: wiki 2.

Akizifuata moja baada ya nyingine, jumla ni wiki 20. Kutoka tarehe 1 Agosti, chupa ya kwanza itatoka tarehe 18 Desemba. Atakuwa amelipa kodi ya miezi mitano, Sh30,000, na kubaki na wiki moja tu kabla ya Krismasi.

Swali la kuuliza kila hatua

Kinachoonyesha hatua ipi inaweza kuanza mapema ni swali moja: hatua hii inahitaji karatasi au kitu gani mkononi kabla haijaanza? Majibu mara nyingi huwa tofauti na mazoea.

Kupigwa muhuri kwa mizani hakuhitaji jina la biashara wala chumba. Kunahitaji mizani yenyewe. Cheti cha afya cha mfanyakazi kinahitaji kitambulisho chake na vipimo vya hospitali. Ukarabati unahitaji mkataba wa kodi na fundi. Jina la biashara linahitaji kitambulisho na namba ya PIN ya mwenyewe. Mfanyabiashara wa kibinafsi hutumia PIN yake ile ile aliyosajiliwa nayo na Mamlaka ya Ushuru (KRA), kwa hiyo aliye nayo tayari hana cha kungoja hapo. Hatua hizi nne zinaweza kuanza wiki moja, kwa sababu hakuna inayomtegemea mwenzake.

Hatua nyingine haziwezi kusogezwa. Afisa wa afya hawezi kupitisha chumba ambacho kuta zake bado zinapigwa plasta. Sampuli ya KEBS huchukuliwa katika chumba ambamo asali inapakiwa, kwa hiyo chumba lazima kiwe kimekamilika. Maabara haiwezi kuanza bila sampuli. Kibali hakitoki kabla ya majibu ya maabara. Lebo nayo haiwezi kuchapishwa kabla ya kibali, kwa kuwa namba ya kibali huchapishwa pamoja na alama ya ubora.

Ukiunganisha hatua hizo za pili unapata mnyororo: ukarabati, ukaguzi wa afya, mkaguzi wa KEBS, maabara, kibali, uchapishaji. Urefu wake ni wiki 3, 2, 2, 4, 1 na 2, jumla wiki 14. Hakuna haraka yoyote katika hatua nyingine itakayoifanya biashara ifunguliwe kabla ya mnyororo huu kuisha. Kwa upande mwingine, hatua zote zilizobaki zinaweza kufanywa pembeni yake bila kuongeza hata siku moja.

Kutenganisha kazi na foleni

Wiki 14 zinaweza kupungua tena ikiwa mwenye biashara atatazama ndani ya kila hatua na kutenganisha siku za kazi na siku za foleni. Wiki mbili za KEBS katika mfano huu zina sehemu mbili. Wiki moja ni ya ombi kupokelewa, kusomwa na kupangiwa mkaguzi. Wiki nyingine ni ya mkaguzi kufika, kutazama chumba na kuondoka na sampuli. Ni sehemu ya pili tu inayohitaji chumba kilichokamilika. Ya kwanza inahitaji cheti cha jina la biashara, maelezo ya bidhaa na jinsi inavyotengenezwa.

Mama huyu akipata jina katika wiki ya 1, anaweza kupeleka ombi KEBS katika wiki ya 2, fundi akiwa bado kazini. Katika ombi anaeleza chumba kitakuwa tayari lini, ili tarehe ya mkaguzi ipangwe baada ya ukaguzi wa afya. Foleni hiyo inapita wakati plasta inakauka. Mnyororo unashuka hadi wiki 13.

Hii ndiyo sababu jina la biashara hufanywa siku za kwanza kabisa ingawa ni hatua fupi. Karatasi hiyo ndogo ndiyo inayomruhusu kuingia katika foleni ndefu kuliko zote. Ni vyema kuwa na majina kadhaa tayari, kwa sababu la kwanza linaweza kukataliwa kwa kufanana na lililosajiliwa. Jina lililohifadhiwa pia hukaa siku 30. Anayelihifadhi kisha akaacha kukamilisha usajili anaweza kujikuta anaanza tena.

Ratiba baada ya kupangwa

Wiki ya 1: Fundi anaanza kazi. Jina la biashara linaombwa kwenye eCitizen, au katika Kituo cha Huduma kwa asiye na mtandao. Mizani inapelekwa kwa afisa wa vipimo.

Wiki ya 2: Cheti cha jina kimetoka. Ombi linapelekwa KEBS. Mchoro wa lebo unaanza, kwa sababu jina na anwani sasa vinajulikana.

Wiki ya 3: Fundi anamaliza. Wafanyakazi wanakwenda hospitali kupimwa na kupata vyeti vya afya.

Wiki ya 4 na 5: Afisa wa afya ya umma anakagua chumba na kutoa ripoti.

Wiki ya 6: Mkaguzi wa KEBS anafika na kuchukua sampuli. Leseni ya biashara ya kaunti inaombwa wiki hiyo hiyo.

Wiki ya 7 hadi 10: Sampuli iko maabara. Chupa zinanunuliwa, maduka yanatembelewa.

Wiki ya 11: Kibali cha alama ya ubora kinatoka.

Wiki ya 12 na 13: Lebo zinachapishwa.

Wiki ya 13 inaishia tarehe 30 Oktoba. Kodi aliyolipa ni ya miezi mitatu, Sh18,000 badala ya Sh30,000. Na muhimu zaidi, anaingia madukani karibu miezi miwili kabla ya Krismasi.

Pesa ya kuharakisha itumike wapi

Mwenye biashara akiwa na pesa kidogo ya kuharakisha mambo, ratiba hii inamwonyesha pa kuiweka. Akiongeza fundi wa pili na ukarabati ukaisha kwa wiki 2 badala ya 3, biashara nzima inafunguliwa wiki moja mapema, kwa kuwa ukarabati ni kiungo cha mnyororo. Lakini akisafiri mara tatu hadi mjini kufuatilia muhuri wa mizani uliochelewa kwa siku nne, nauli hiyo haimpi chochote. Mizani haihitajiki mpaka siku ya kupakia chupa za kuuza. Ikikamilika katika wiki ya 2, bado kuna wiki 11 za akiba.

Leseni ya kaunti nayo ina akiba. Katika mfano huu inatoka mwisho wa wiki ya 6, na inahitajika kabla ya kuuza chupa ya kwanza katika mwisho wa wiki ya 13. Akiba hiyo ya wiki 7 isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuisahau. Hatua yenye akiba ikiachwa mpaka akiba iishe, nayo hugeuka kuwa kiungo cha mnyororo, na kosa dogo la makaratasi wakati huo huchelewesha kila kitu.

Si kila kitu kifanywe mapema

Kuna karatasi ambazo siku zake huanza kuhesabiwa tangu zinapotolewa. Kuzichukua mapema mno ni kulipia muda usiotumika.

Mfano ulio wazi ni cheti cha afya cha anayeshika chakula, ambacho hudumu miezi 6. Ukikichukua mwezi wa Juni, wakati bado unatafuta chumba, kitaisha Desemba, katikati ya msimu wa mauzo. Ukikichukua katika wiki ya 3 ya ratiba hii, yaani katikati ya Agosti, kitakupeleka hadi katikati ya Februari. Ndiyo maana katika ratiba vipimo havikuwekwa wiki ya 1 ingawa vingewezekana. Vimewekwa mahali pa mwisho panapofaa kabla ya mkaguzi kuviulizia.

Muhuri wa mizani hurudiwa kila mwaka, kwa hiyo wiki chache za mapema hazina hasara kubwa. Leseni ya kaunti inahitaji swali moja katika ofisi ya mapato kabla ya kulipa: mwaka wa leseni unahesabiwa tangu siku ya malipo, au unaisha tarehe 31 Desemba? Kama unaisha Desemba, anayefungua mwishoni mwa mwaka aulize pia ni ada gani inayomhusu. Kitui na Makueni kila moja ina Sheria yake ya Fedha inayopitishwa na Bunge lake la Kaunti, kwa hiyo ada ya jirani wa ng'ambo ya mto isichukuliwe kuwa ndiyo yako.

Mahali ratiba huvunjika

Kosa la gharama kubwa zaidi ni sampuli kushindwa katika maabara, kwa sababu maabara ndiyo kiungo kirefu kuliko vyote. Sampuli ikikataliwa, mama wa mfano huu atahitaji wiki 1 ya kuchukua nyingine na wiki 4 za kuichunguza upya. Tarehe 30 Oktoba inakuwa tarehe 4 Desemba.

Kwa asali, sababu mbili zinaweza kuonekana mapema. Ya kwanza ni maji. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka unyevu wa asali usizidi asilimia 20, kwa kuwa asali yenye maji mengi huchacha. Maji hayo huingia hasa sega linapovunwa kabla ya nyuki kulifunika kwa nta, au ndoo inapoachwa wazi, kwa sababu asali hufyonza unyevu wa hewani. Kuna kipimo kidogo cha mkononi kiitwacho refraktomita: tone moja la asali huwekwa kwenye kioo chake, na kiwango cha maji kikasomwa papo hapo. Mpakiaji anayepima kila ndoo siku ya kununua, na kukataa iliyozidi, hatashangazwa na maabara.

Sababu ya pili ni moto. Asali iliyochemshwa ili ichujike upesi hutengeneza kemikali ambayo maabara huipima kama alama ya kuungua au ya kukaa muda mrefu. Asali ngumu hulainishwa kwa kuweka ndoo ndani ya maji ya vuguvugu, si juu ya jiko. Vipimo na mazoea haya hufanywa katika wiki tano za kwanza, chumba kikiwa bado kwa fundi, na kwa hiyo haviongezi siku.

Kosa la pili ni kuanza ukarabati bila ushauri. Fundi anaweza kumaliza kwa wiki tatu, afisa wa afya akaja na kuonyesha kwamba sinki iko mahali pasipofaa au dari iko wazi. Marekebisho na ukaguzi wa pili huongezwa moja kwa moja kwenye mnyororo. Dawa yake ni kumwona afisa wa afya ya umma wa wadi kabla ya fundi kununua saruji, kumweleza kazi inayokusudiwa, na kuandika anachosema. Mazungumzo ya nusu saa siku hiyo yanaweza kuokoa wiki mbili baadaye.

Swali lingine huulizwa kabla ya hata kutia sahihi mkataba wa kodi: je, kiwanja hiki kimepangwa kwa biashara au kwa makazi? Jibu liko katika ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti. Kama matumizi ya kiwanja yanahitaji kubadilishwa, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti hadi siku 60 kujibu ombi. Hizo ni karibu wiki 9, ambazo zingekuwa ndefu kuliko hatua yoyote katika mfano huu. Kwa mwenye haraka, chumba kingine chenye kodi ya juu kidogo kinaweza kuwa nafuu.

Kosa la tatu ni kuchapisha lebo mapema ili kuokoa wiki mbili za mwisho. Lebo hubeba jina la bidhaa, jina na anwani ya mpakiaji, uzito, namba ya fungu, tarehe, na alama ya ubora pamoja na namba yake. Ikichapishwa kabla ya kibali, haina namba. Tena mabadiliko yoyote ambayo KEBS itayataka katika maandishi yatafanya lebo zote kuwa karatasi taka. Njia salama ni kumaliza mchoro katika wiki ya 2, kuukubaliana na mchapishaji, kulipa amana ikihitajika, na kubakisha nafasi ya namba. Kibali kikitoka, namba inajazwa na kazi inaanza siku hiyo. Kabla ya kuituma namba kwa mchapishaji, mwenye biashara anaweza kuihakiki kama mnunuzi yeyote anavyofanya: kutuma ujumbe wa SM#, ikifuatwa na namba ya kibali, kwenda 20023.

Kosa la nne ni jina. Cheti cha BRS kinaweza kuwa na neno moja ambalo halimo kwenye ombi la KEBS, au mkataba wa kodi ukawa na jina la mume badala ya la mke anayesajili. Ofisi inayoona majina mawili hurudisha faili. Jina linakiliwe herufi kwa herufi kutoka kwenye cheti hadi kila fomu nyingine.

Mizani nayo ina tahadhari yake. Afisa wa vipimo hupiga muhuri mizani ya biashara tu. Mizani ndogo ya jikoni, hata ikiwa mpya na sahihi, hurudishwa. Aulizwe kabla ya kununua.

Kungoja kwa ushahidi

Foleni inayopita pembeni ni nzuri mradi inasonga. Ili kujua kama inasonga, kila ombi linapopokelewa mwenye biashara aandike mambo manne katika daftari moja: tarehe, namba ya ombi, ofisi, na siku zilizotajwa kwenye mkataba wa huduma. Siku hizo zikipita, afike na namba hiyo aulize kinachokosekana. Mara nyingi faili imesimama kwa sababu ya karatasi moja ambayo mwombaji hakujua inadaiwa, na kila siku anayongoja kimya ni siku iliyopotea. Ofisi ikishindwa kabisa kueleza, malalamiko hupelekwa kwa msimamizi wa ofisi hiyo, kisha kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama Ofisi ya Ombudsman.

Daftari hilo pia linaonyesha ni ucheleweshaji upi wa kushughulikiwa kwanza. Siku tatu zilizopotea katika ukaguzi wa afya ni siku tatu za ufunguzi. Siku tatu zilizopotea katika muhuri wa mizani hazigusi ufunguzi.

Anayevuka kaunti, na anayefanya biashara nyingine

Mpakiaji huyu wa Mwingi akitaka pia kuwa na duka lake Wote, jina la biashara na PIN ni vile vile, kwa sababu hutolewa na serikali ya kitaifa. Leseni ya Kitui, hata hivyo, haihudumii duka lililo Makueni. Duka hilo litahitaji leseni yake na ukaguzi wake wa afya. Wakati mzuri wa kuzishughulikia ni wiki ya 7 hadi ya 10, sampuli ikiwa maabara na yeye akiwa hana kazi ya makaratasi Mwingi. Hoteli zote mbili zikifunguliwa kwa mtindo huo, yaani moja Kitui na nyingine Makueni, mwenyewe atafuata utaratibu ule ule wa leseni mbili.

Kwa biashara ambazo hazipakii bidhaa, kama kinyozi, duka la rejareja au hoteli ndogo, KEBS, maabara na lebo hazimo. Mnyororo hubaki mfupi: ukarabati wa chumba, ukaguzi wa afya panapohitajika, kisha leseni. Hapo kazi ya fundi na ushauri wa mapema wa afisa wa afya ndivyo huamua tarehe ya kufungua, huku jina na vyeti vya wafanyakazi vikifanywa chumba kikiwa bado kinapigwa rangi.

Anayetaka kupanga ratiba yake achore mistari mitatu kwenye karatasi kwa kila hatua: inahitaji nini mkononi, inachukua siku ngapi, na karatasi yake inaisha lini. Kisha aunganishe hatua zinazotegemeana mpaka aone mnyororo mrefu kuliko mingine. Kazi ya kwanza kwenye mnyororo huo ndiyo ya kufanywa siku ya kwanza. Maswali kuhusu leseni, afya ya umma na mizani hujibiwa katika ofisi za kaunti ndogo. Usajili wa jina na huduma nyingine za kitaifa hupatikana katika Vituo vya Huduma mjini Kitui na Wote.